Bei ya Pauni ya Siku Ile

Hadi leo gazeti likifika mkononi mwangu sianzi na siasa, wala sianzi na ukurasa wa matanga kama wazee wenzangu hapa Gatitu. Naanza na kile kisanduku kidogo cha bei za pesa za kigeni. Natafuta pauni. Sina pauni hata moja, sijawahi kuwa nayo, na watoto wangu hunicheka: "Ati mami anafanya biashara na Uingereza." Wacha wacheke. Sijawahi kuwaambia.

Nilikuwa karani wa taipu katika ofisi ya wakili mjini Nyeri, juu ya duka la vitambaa, penye ngazi za mbao zilizolia kila mteja akipanda. Nilikuwa na vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Wakili alikuwa mtu mwema lakini wa haraka, kila siku kesi mbili katika korti mbili, na nusu ya maisha yake aliimaliza kwenye barabara ya Karatina. Yeye alisema, mimi niliandika, yeye akatia sahihi. Ndivyo mkate ulivyopatikana.

Baba yangu alikaa Naro Moru na alifuga nyumbu wa mizigo. Sisemi wale wa mbugani wanaovuka mito na kuliwa na mamba. Nyumbu wa Baba walikuwa watoto wa punda dume aliyemnunua Doldol, na farasi majike wazee walioachwa na walowezi. Aliwakodisha kwa wageni waliopanda Mlima Kenya, wabebe mahema na vyakula. Aliwapenda hao wanyama mpaka Mama akawa anamwuliza kama mahari alilipa kwao au kwa nyumbu.

Mimi ndiye binti yake wa kwanza, kwa hivyo nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi kwetu. Baba hakuwahi kulitamka hilo jina kwangu. Aliniita mama. "Mama, umekula?" "Mama, hiyo baridi ya Nyeri haikusumbui?" Nilikuwa mtu mzima na mshahara wangu, na bado neno hilo lilinilainisha.

Basi ikaja kampuni moja ya kutoka ng'ambo kupiga picha za mlima. Walikodi nyumbu tisa kwa msimu mzima, na mkataba ukaandikwa kwa pauni za Uingereza, maana pesa zao zilikuwa huko. Baba alikuwa amekazania kifungu kimoja tu: wanyama wasipite kambi ile ambapo majani yanaishia. Wakipitishwa hapo wakafa, kampuni italipa pauni mia tano kwa kila mmoja, na italipa kwa pauni. Walitia sahihi wakicheka. Wiki ya tatu waliwapitisha. Theluji ikawakuta kwenye mawe, na nyumbu sita hawakurudi. Baba alipanda mwenyewe kuwaona, akashuka, na siku mbili hakula. Kampuni ikasema eti walikuwa wagonjwa tangu mwanzo. Wagonjwa! Wanyama waliokuwa wamebeba mahema yao mpaka juu mawinguni!

Wakili wangu aliichukua kesi hiyo kwa moyo. Alinisomea hati ya madai akitembea huku na huku, nami nikaitaipu neno kwa neno: mdai anaomba pauni elfu tatu, au shilingi zake kwa bei ya siku atakayolipwa. Nakumbuka alisimama hapo akasema, "Hilo la mwisho usiliache." Sikuliacha. Liandikwe basi kwamba mara ya kwanza sikuliacha.

Nilipeleka hati kortini asubuhi. Keshia wa pale alikuwa mtu wa kutoka magharibi, mnene, mpole, na mkaidi kuliko nyumbu wa Baba. Kazi yake ilikuwa kuhesabu ada ya korti kulingana na kiasi kinachodaiwa. Akaangalia ile karatasi, akaangalia jedwali lake la ada, akanirudishia.

"Dada, hii jedwali yangu haijui pauni. Niletee shilingi."

"Si uhesabu mwenyewe?"

"Nihesabu kwa bei gani? Ya leo? Ya kesho? Mimi siko na bei."

Sasa, kila karani wa wakili mjini Nyeri alijua dawa ya jambo hilo. Tulifundishwa na karani mzee wa ofisi yetu, aliyeanza kazi wakati wa mkoloni na ambaye alizijua kanuni za korti kama wengine wanavyozijua Zaburi. Alikuwa akituambia: korti ya nchi hii inatoa shilingi, na inahesabu kwa bei ya siku mkataba ulipovunjwa, basi wewe badilisha mapema, umpunguzie jaji kazi. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa sheria kweli, mzee hakutudanganya. Na hakuna aliyetuambia kwamba shida ya keshia ingemalizwa na kijikaratasi tu pembeni, cha kuonyesha thamani kwa ajili ya ada, na maombi yenyewe yakabaki kwa pauni. Kijikaratasi! Mistari miwili ya taipu!

Nilipiga simu benki, nikauliza pauni ilikuwa bei gani siku nyumbu walipofia mlimani. Ilikuwa kama shilingi ishirini. Nikarudi ofisini, nikang'oa ukurasa wa mwisho, nikautaipu upya: mdai anaomba shilingi elfu sitini. Pauni nikaziacha kule juu katika maelezo, lakini katika maombi hazikuwemo tena. Nikateremka ngazi mbio nikamkuta wakili ameshawasha gari. "Ni ile ya Baba, keshia alitaka ukurasa mwingine," nikamwambia. Akatia sahihi juu ya boneti bila kusoma. Aliniamini.

Jumamosi hiyo nilienda nyumbani Naro Moru nikiwa na hadithi. Tukila viazi na kabichi, nikawaigizia keshia, sauti yake, tumbo lake, "Siko na bei, dada!" Nikawaeleza nilivyoitaipu karatasi upya, nikapata bei ya siku ileile, na kesi ikapokelewa kabla ya chakula cha mchana. Mama alicheka mpaka akakohoa, Baba akampigapiga mgongoni. "Huyu mama yangu," akasema Baba, "angezaliwa mwanamume angekuwa wakili." Nilivimba kichwa, aki. Nililala nikiwa na raha.

Kile kikohozi cha Mama hakikuisha. Ilichukua mwaka mzima hospitali kutuambia kwamba si kifua, ni moyo. Mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa umeharibika tangu utotoni, haufungi sawasawa, na damu ilikuwa ikirudi nyuma. Akawa anapumzika mara tatu kati ya nyumba na kisima. Madaktari wa misheni walimwandikia barua hospitali moja huko Uingereza, na jibu likaja: wapasuaji watafanya kazi yao bure, lakini mlango wa bandia wa kuwekwa moyoni, kitanda na dawa ni pauni elfu mbili na mia nane. Tiketi ya ndege kanisa lingeitafuta kwa harambee.

Baba aliposomewa barua hiyo alicheka, kicheko cha mtu aliyeona njia. "Pauni elfu tatu si ziko kortini?" akasema. "Hao nyumbu watambeba mama yenu mpaka Uingereza."

Tangu hapo kesi haikuwa ya nyumbu tena. Ilikuwa ya moyo wa Mama, na kila mtu nyumbani alijua hivyo, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi. Lakini korti ni korti. Leo jaji amehamishwa, kesho faili haionekani, kesho kutwa wakili wa kampuni ana homa. Miaka ikaenda mitatu, minne. Na shilingi nayo ikawa inashuka. Mara nyingine serikali iliishusha kwa tangazo na tukasikia redioni, mara nyingine iliteleza kimyakimya. Sukari ilipanda, mafuta ya taa yakapanda. Baba hakujali. "Sisi yetu iko kwa pauni," alikuwa akisema. "Pauni haishikwi na hii upepo."

Nami nilikaa pale nikimsikiliza, nikakubali kwa kichwa. Nilikuwa nimeisahau ile karatasi. Naapa nilikuwa nimeisahau.

Kesi ikasikilizwa mwishowe. Wakili wa kampuni alijaribu ujanja wake: punda na farasi hununuliwa kwa shilingi, soko la Doldol liko pale, hasara ya huyu mzee ni ya shilingi, hizo pauni zinatoka wapi? Jaji akaandika, akaandika, kisha akawapa mawakili wote wiki tatu walete hoja zao kwa maandishi.

Wakili wangu alinisomea hoja hizo mchana mmoja wa mvua. Ilikuwa kazi nzuri, pengine kazi yake bora. Nilitaipu: kwamba zamani korti ziliamini haziwezi kutoa hukumu ila kwa pesa za nchi yao, zikihesabu kwa bei ya siku ya kuvunjwa kwa mkataba. Kwamba majaji wa juu kabisa wa Uingereza walishaiacha kanuni hiyo, kwa sababu inamwumiza mtu asiye na kosa kila pesa ya nchi inaposhuka. Kwamba sasa anayedai pesa za kigeni anaweza kupewa pesa hizohizo, na zikigeuzwa, zigeuzwe kwa bei ya siku ya malipo. Kwamba korti yetu inaweza kuifuata njia hiyo. Na kwamba sharti ni moja: mdai awe ameziomba pesa hizo katika hati yake.

Vidole vyangu vikasimama.

"Endelea," akasema wakili.

Nikaendelea. Alipotoka nilifungua kabati, nikalitoa faili, nikageuza ukurasa wa mwisho. Shilingi elfu sitini. Herufi zangu, wino wangu. Nilihesabu kwa penseli nyuma ya bahasha. Pauni wakati huo ilikuwa inakaribia shilingi arobaini. Elfu sitini zangu zilikuwa pauni elfu moja na mia tano, na kila wiki zilipungua.

Hapa ndipo nataka nisimame, maana kosa la kwanza lilikuwa la ujinga, na ujinga husamehewa. Hati ya madai inaweza kurekebishwa. Kabla ya hukumu, wakili anaomba ruhusa, jaji anasikiza, mara nyingi anakubali na kumtoza gharama kidogo, basi. Nilijua. Nilikuwa nimetaipu maombi ya namna hiyo mara ngapi? Kilichohitajika ni mimi kupita mlango mmoja, hatua nne, niseme: "Bwana, nilibadilisha karatasi yako."

Sikupita. Nilijiambia mshahara wangu ndio unaonunua dawa za Mama, nikifukuzwa zitanunuliwa na nani? Nilijiambia wakili alitia sahihi, ni juu yake. Nilijiambia mkataba wenyewe uko kwenye faili, pauni zimejaa kila mahali, jaji si kipofu. Kila kimoja kilikuwa na sura ya kweli. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mimi, karani hodari, niliyemwigiza keshia mezani. Nikalirudisha faili kabatini na nikaenda kununua mkate.

Wiki tatu zilipita hivyo. Kila asubuhi nilipanda zile ngazi nikisema leo, na kila jioni nikazishuka nikisema kesho. Hoja zikapelekwa. Tarehe ya hukumu ikatoka.

Siku hiyo Baba alivaa koti lake la harusi. Mama alikuja pia, ingawa tulimkataza; alipanda kile kilima cha korti akiwa amemshika Baba upande mmoja na mimi upande wa pili, akisimama, akivuta pumzi, akisema, "Ngojeni, ngojeni, mimi si nyumbu." Tulikaa benchi la nyuma.

Jaji alisoma kwa Kiingereza na mkalimani wa korti akageuza kwa Gikuyu. Kampuni ilivunja mkataba. Baba akanishika mkono. Nyumbu sita, mia tano kila mmoja, kifungu ni halali. Hoja ya Doldol jaji aliitupa: wenyewe walichagua pauni, basi hasara waliyokubaliana ni ya pauni. Baba akanifinya. Na kuhusu ile njia mpya ya korti za Uingereza, akasema anaikubali, na angekuwa tayari kuifuata.

"Lakini," jaji akasema, na sikuhitaji mkalimani.

Lakini mdai huyu hakuomba pauni. Aliomba shilingi elfu sitini, akazihesabu mwenyewe kwa bei ya siku ya kuvunjwa, na korti haiwezi kumpa mtu asichokiomba. Angeombwa pauni, angetoa pauni. Hakuombwa, wala hakuna aliyekuja kuomba hati irekebishwe. Basi ni elfu sitini, na riba kuanzia leo.

Wakili wangu aligeuka. Hakunitazama kwa hasira, afadhali angekuwa na hasira. Aliniangalia kama mtu anayetafuta miwani yake, kisha akaelewa, kisha akageuka mbele tena. Nje alimwambia Baba, "Mzee, ile karatasi ina sahihi yangu. Lawama ni yangu." Hakuchukua ada yake hata senti. Alisema tunaweza kukata rufaa Nairobi, lakini rufaa ni miaka, na sote tukamwangalia Mama aliyekaa kwenye nyasi akivuta pumzi.

Kampuni ililipa upesi, kwa furaha. Tulipeleka hundi benki, tukauliza hizo shilingi zinatoa pauni ngapi. Msichana wa dirishani alitaja, Baba akamwomba arudie. Tukaandikia hospitali, wakajibu kwa upole kwamba bei haiwezi kushuka zaidi. Kanisa likafanya harambee ya pili, watu wakatoa kuku, wakatoa kahawa. Tulikuwa tukisogea, haki ya Mungu tulikuwa tukisogea, lakini shilingi nayo ilisogea upande wake. Mama alifariki msimu wa mvua ndefu, mchana, akichambua maharagwe. Nilimkuta bado ameshika ungo.

Wakili hakunifukuza. Hakunitaja hata mara moja. Nilifanya kazi kwake miaka mingine mingi, na tangu siku ile akawa anasoma kila ukurasa kabla ya kutia sahihi, polepole, nami nikisimama pale mbele yake.

Baba alizeeka akibaki na nyumbu mmoja tu, jike mweupe mdomoni, asiyebeba kitu. Alimpiga brashi kila siku. Jioni moja nilimkuta akimpiga brashi, na sijui ni nini kilichonishika, nikamwambia. Nikamwambia karatasi ile niliibadilisha mimi, si wakili.

Hakuacha kupiga brashi.

"Mama," akasema, "si ulituambia mwenyewe? Hapo mezani, na viazi mdomoni. Mkalimani aliposema shilingi, nilikumbuka hiyo hadithi ya keshia."

"Umejua miaka hii yote?"

"Hata mama yenu alijua. Tukishuka ile kilima ya korti, wewe ulikuwa mbele unatafuta gari. Akaniambia, 'Usimwulize huyo mtoto. Alifanya akifikiri anatusaidia. Usimwulize hata nikienda.' Basi sikuuliza."

Nililia, wee, nililia mpaka nyumbu akageuza masikio. Mama alijua. Alijua akanisamehe, akakaa miezi yote ile akinipokea kila Jumamosi na kuniuliza kama nimekula. Ningenyamaza hapo. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo, angebeba huo msamaha aende nao nyumbani. Lakini ulikuwa msamaha wa kosa dogo, na mimi nilikuwa na kubwa.

"Baba, niliiona kabla ya hukumu. Wiki tatu kabla. Ingeweza kurekebishwa. Nilijua, na nikanyamaza."

Brashi ikasimama. Kisha akazunguka akaenda upande wa pili wa yule mnyama, nikawa simwoni uso, nasikia brashi tu ikianza tena.

"Hiyo hatukuijua," akasema.

Aliishi miaka mingine saba. Nilimpikia, nilimfulia, nilimpeleka hospitali, na hakuwahi kunitolea neno baya. Alinishukuru kwa kila kikombe cha chai. Ila tangu jioni ile aliniita kwa jina langu.